Asilimia Nne ya Mjomba

Kuna kanuni moja ya fedha iliyoingia vyuoni kwetu kupitia klipu za simu, na siku hizi kila anayejiita mwekezaji lazima aitaje. Inaitwa kanuni ya asilimia nne. Inasema hivi: ukistaafu, piga hesabu ya akiba yote uliyowekeza, toa asilimia nne mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka unaofuata toa kiasi kile kile ukikiongeza kwa kadiri bei za vitu zilivyopanda. Soko likipanda, unatoa. Likianguka, unatoa vile vile. Ukifanya hivyo, wanasema, fedha itakufikisha miaka 30.

Najua kwa wengi wetu kustaafu ni habari ya mbali mno. Boom lenyewe likichelewa wiki mbili tunaanza kukopana chumvi, nani ana muda wa kuwaza uzee? Mimi nimelazimika kuwaza mapema kwa sababu ya mjomba wangu. Ni mwalimu mstaafu, anaishi Kilindoni, kisiwani Mafia, na mkopo wangu wa chuo ulipotoka pungufu ndiye aliyeziba pengo. Kila mwezi hunitumia shilingi 40,000. Hiyo si hela ya starehe, ni chakula na fotokopi.

Mjomba alipofikisha miaka 60 alilipwa mkupuo wake, akarekebisha paa, akalipa madeni mawili matatu, akabaki na milioni 60. Zaidi ya hapo ana penseni ya kila mwezi. Likizo iliyopita alinionyesha klipu ya kanuni hiyo, akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiye unasoma mambo ya fedha. Asilimia nne ya milioni 60 ni milioni mbili na laki nne. Kwa mwezi ni laki mbili. Nikiweka hela zote kwenye hisa, nikawa natoa laki mbili kila mwezi, kuna tatizo?"

Nilimwomba wiki moja nifanye hesabu. Haya ndiyo niliyompelekea.

Kwanza, kanuni yenyewe imetoka wapi. Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Kimarekani, William Bengen, aliyesomea uhandisi wa ndege kabla ya kuingia kwenye fedha, alichukua kumbukumbu za hisa na hatifungani za Marekani kuanzia mwaka 1926. Akajiuliza: mtu angestaafu mwaka huu au ule, angeweza kutoa kiasi gani kila mwaka kwa miaka 30 bila kufilisika? Alitafuta mwaka mbaya kuliko yote, akaona kwamba hata huyo wa mwaka mbaya angepona kwa kutoa kama asilimia nne. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa Chuo Kikuu cha Trinity, Texas, walifanya hesabu inayofanana na hiyo, na kanuni ikapata umaarufu.

Mambo mawili ya hesabu ile hayamo kwenye klipu. La kwanza ni kwamba Bengen hakuweka fedha zote kwenye hisa. Alichanganya hisa na hatifungani, hisa zikiwa nusu au zaidi kidogo. La pili ni kwamba alipima nchi moja tu, tena nchi ambayo soko lake la hisa lilikuwa na karne nzuri kuliko karibu nchi zote duniani. Mwaka 2010 mchumi Wade Pfau alirudia kipimo hicho kwa nchi 17 zilizoendelea, na katika nyingi ya nchi hizo asilimia nne haikufika miaka 30 salama. Kwa hiyo ile nne ni rekodi ya mahali fulani na wakati fulani. Kuichukua kama sheria ya maumbile ni sawa na kupanga safari ya Nyamisati kwa kutumia jedwali la maji kupwa na kujaa la Ziwa Victoria.

Sasa, mtego uko wapi hasa? Wengi hudhani mtego ni soko kushuka. Soko kushuka ni kawaida, na mtu asiyetoa fedha husubiri likapanda. Mtego ni soko kushuka *mapema*, miaka ya mwanzo ya kustaafu, wakati wewe unaendelea kutoa. Ukitoa fedha wakati vipande vyako vimeshuka bei, unalazimika kuuza vipande vingi zaidi ili upate laki mbili ile ile. Vipande vilivyouzwa havipo tena siku soko linapofufuka. Bengen mwenyewe aligundua kwamba walioumia zaidi katika historia ya Marekani ni waliostaafu mwishoni mwa miaka ya 1960, na si wale wa anguko la 1929 kama wengi wanavyofikiri. Hao wa 1960 walikutana na soko bovu na bei za vitu kupanda kwa kasi, vyote kwa pamoja, katika miaka yao ya mwanzo.

Mjomba ni mtu wa mfano wa karibu, Marekani haimwingii akilini. Kwa hiyo nilimtafutia Nairobi. Soko la Hisa la Nairobi lina faharasa ya zamani ya kampuni 20 ambayo kumbukumbu zake ziko wazi. Mwisho wa mwaka 2007 ilikuwa karibu 5,445. Zikaja vurugu za baada ya uchaguzi, likaja na anguko la fedha la dunia nzima, na mwisho wa 2008 ilikuwa karibu 3,521. Mwisho wa 2009 ilishuka tena hadi 3,247. Mwaka 2010 ikapanda vizuri hadi 4,433.

Tuseme mstaafu mmoja aliingia soko hilo mwanzoni mwa 2008 na milioni 60 zote kwenye hisa, akafuata klipu bila kuipinda. Kwa urahisi nachukulia bei za vitu zinapanda asilimia 10 kwa mwaka. Gawio nimeliacha nje. Lingempunguzia maumivu kiasi, ila sura ya jambo isingebadilika.

Mwaka wa kwanza anatoa milioni 2.4. Zinabaki 57.6, soko linaanguka, mwisho wa mwaka ana milioni 37 na ushei. Mwaka wa pili kanuni inamwambia aongeze mfumuko wa bei, anatoa milioni 2.64. Hapo simameni kidogo. Milioni 2.64 katika milioni 37 si asilimia nne tena, ni asilimia saba. Mwaka wa pili unaisha, ana milioni 31.9. Mwaka wa tatu anatoa milioni 2.9, ambayo ni asilimia tisa ya salio. Mwaka huo soko linapanda kwa zaidi ya theluthi, watu wanapongezana, naye anaishia na milioni 39.6. Lakini mwaka wa nne anatakiwa kutoa milioni 3.2, na hiyo ni asilimia nane. Soko limefufuka, mfuko wake bado unavuja.

Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Usiangalie salio peke yake, wala habari za soko kwenye redio. Chukua unachopanga kutoa mwaka huu, gawa kwa salio, zidisha kwa mia:

```
matumizi ya mwaka ÷ salio × 100
```

Ukianza na nne na namba hiyo ikawa inapanda mwaka hadi mwaka, kanuni inakufia mikononi, hata kama fedha bado inaonekana nyingi. Na kwa mstaafu wetu wa Nairobi, kusubiri tu kusingemwokoa. Mwisho wa mwaka 2023, miaka 16 baadaye, faharasa ile ile ilikuwa karibu 1,500.

Nilipofika hapo mjomba alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote cha darasani. "Sasa huyu mtu wenu wa klipu," akasema, "yeye hana kusi?"

Kwa wasiotoka pwani nieleze. Kwetu mwaka una pepo mbili. Kaskazi huvuma miezi ya joto, bahari hutulia, wavuvi hutoka, na papa potwe huonekana karibu na Kilindoni, wageni wakaja kuogelea nao. Kusi huja katikati ya mwaka, bahari huchafuka, na nahodha mwenye akili huacha chombo ufukweni. Hakuna nyumba ya mvuvi Mafia inayokula sawasawa miezi 12. Kusi ikivuma wanapunguza, na hakuna anayeona aibu. Kanuni ya asilimia nne ni ya mtu anayetaka kula kama wa kaskazi hata kusi ikivuma, na gharama ya ukaidi huo analipa mwishoni, akiwa na miaka 80, wakati hana nguvu ya kutafuta nyingine.

Dawa, basi, ni kuipa kanuni kusi yake. Mwaka 2006 Jonathan Guyton na William Klinger, Wamarekani pia, waliandika utaratibu wa namna hiyo. Unaweza kuuita uzio. Unabaki na asilimia nne ya kuanzia, lakini unaiwekea ukuta pande mbili, kila mmoja umbali wa moja ya tano. Moja ya tano ya nne ni 0.8, kwa hiyo ukuta wa juu ni 4.8 na wa chini ni 3.2. Kila mwaka unapiga ile hesabu ya kugawa. Kama mwaka uliopita mfuko ulipata hasara, huongezi mfumuko wa bei, unabaki na kiasi cha mwaka jana. Kama namba bado imevuka 4.8, unapunguza matumizi kwa sehemu moja ya kumi. Na kama soko limekuwa zuri mpaka namba ikashuka chini ya 3.2, unajiongezea sehemu moja ya kumi. Hayo tu.

Nilimrudisha mstaafu wa Nairobi kwenye miaka ile ile, safari hii akiwa na uzio. Mwaka wa pili haongezi kitu, na kwa kuwa milioni 2.4 ni zaidi ya asilimia sita ya salio, anapunguza: milioni 2.16, yaani 180,000 kwa mwezi. Mwaka wa tatu bado yuko nje ya ukuta, anapunguza tena, 162,000 kwa mwezi. Soko linapanda. Mwaka wa nne anaruhusiwa kuongeza mfumuko, lakini akiongeza anavuka ukuta kidogo, kwa hiyo anapunguza mara ya mwisho na kubaki kwenye 160,000. Salio lake sasa ni milioni 41.5, na anachotoa ni asilimia 4.6 yake. Amerudi ndani ya uzio. Mwenzake mkaidi yuko kwenye asilimia nane.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Hizo 160,000 za mwaka wa nne, baada ya bei kupanda miaka mitatu, zinanunua vitu ambavyo mwanzoni vilinunuliwa kwa 120,000. Yaani maisha yamepungua kwa asilimia 40. Uzio umeokoa mfuko, na mwenye mfuko ndiye aliyelipa. Anayekwambia kupunguza matumizi ni jambo dogo hajawahi kupunguza kitu kwenye nyumba yenye wazee na watoto.

Ndiyo maana hatukuishia hapo. Tulibadilisha mambo mawili kabla hata ya mwaka mbaya kuja.

La kwanza ni mchanganyiko. Badala ya hisa tupu, nilipiga hesabu ya nusu hisa na nusu hatifungani za serikali zinazolipa riba ya asilimia 10, na kila Januari anarudisha nusu kwa nusu. Miaka ile ile ya Nairobi ikampiga tena. Safari hii mwisho wa mwaka wa kwanza ana milioni 50, na laki mbili zake ni asilimia 4.77 ya salio: ukuta umeguswa, haukuvukwa. Kwa hiyo mwaka wa pili hapunguzi chochote, anaacha tu kuongeza. Mwaka wa tatu anaruhusiwa kuongeza mfumuko, lakini akiongeza anavuka ukuta, kwa hiyo anapunguza mara moja na kubaki kwenye 198,000. Mwaka wa nne anaongeza mfumuko bila kuvuka ukuta, karibu 218,000. Bei zimemuacha nyuma, ndiyo, lakini tofauti na yule wa hisa tupu ni kubwa. Uzio ni uleule. Mchanganyiko ndio uliopunguza idadi ya mara anazogonga ukuta.

Najua kuna mdau ameshainua mkono: kama hatifungani ni nzuri hivyo, kwa nini asiweke milioni 60 zote kwenye hatifungani ya miaka 25 akala riba? Hili ni swali la Kitanzania kabisa, na lina uzito, maana riba zetu si za Marekani. Mwaka 2022 hatifungani mpya za miaka 25 zilianza kutolewa kwa riba ya asilimia 12.56. Kwa milioni 60 hiyo ni zaidi ya laki sita kwa mwezi. Mara tatu ya laki mbili za mjomba!

Shida ni kwamba laki sita hiyo imegandishwa. Mwaka wa 25 itakuwa laki sita ile ile. Bei zikipanda asilimia tano tu kwa mwaka, baada ya miaka 14 hivi nguvu yake ni nusu. Na tunajua bei zinaweza kufanya zaidi ya hapo: Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika asilimia 19.8. Tena usidhani kila utakapowekeza upya utaikuta riba ile ile, kwani kabla ya punguzo la 2022 hatifungani hizo zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16. Ukitaka kuzitumia vizuri, kula sehemu ya riba na urudishe sehemu nyingine kwenye mfuko kila mwaka, ili mtaji ukue pamoja na bei. Ukishaanza kufanya hivyo, umerudi kwenye swali lile lile la kiasi gani utoe, na uzio unakuhusu.

Kwa mtu wa kisiwani kuna nyongeza. Mfumuko wa bei unaotangazwa ni wa nchi nzima. Saruji, unga na mafuta ya Kilindoni vimepanda chombo kwanza, na nauli ya mzigo ikipanda, duka linapanda. Kwa hiyo mjomba ana daftari la vitu kumi anavyonunua kila mwezi, na kila Januari analinganisha bei. Daftari hilo ndilo mfumuko wake wa bei.

Jambo la pili tulilobadilisha halina hesabu ngumu, lakini ndilo lililotuchukua usiku mzima. Uzio unafanya kazi pale tu ambapo kinachopunguzwa kinapunguzika. Laki mbili za mjomba zilikuwa zimepangwa hivi: 50,000 dawa za presha za mkewe, 60,000 akiba ya ukarabati wa nyumba, 50,000 michango na safari za Dar, na 40,000 zangu. Tazama ya kwanza. Soko la hisa likianguka, presha ya mtu haishuki. Ukiweka dawa kwenye fungu linaloyumba, siku ya kupunguza utavunja uzio mwenyewe, na utakuwa na haki ya kuuvunja.

Kwa hiyo tulihamisha. Dawa zikaenda upande wa penseni, ambayo inaingia kila mwezi soko lipande lishuke. Kutoka upande wa penseni tukatoa vocha na king'amuzi, navyo vikaja kukaa kwenye fungu la mfuko, 50,000 kwa 50,000. Jumla haikubadilika hata senti, ila sasa kila kilichomo kwenye laki mbili ni kitu kinachoweza kungoja mwaka mmoja bila mtu kulala njaa au kuugua. Na laki mbili za miezi 12 tukaziweka kwenye mfuko wa ukwasi, ule ambao thamani yake haiyumbi na unaweza kutoa siku chache baada ya kuomba, ili katikati ya mwaka mbaya asilazimike kuuza vipande vya hisa kwa pupa. Akiba hiyo inanunua muda wa kufikiri. Haimalizi tatizo, maana anguko la Nairobi lilidumu zaidi ya miezi 12.

Kisha tukaandika orodha ya kupunguza, kwa wino, tukiwa bado na utulivu. Hili msilidharau. Mwaka mbaya ukishafika, kila mtu ndani ya nyumba ana sababu nzuri ya kwa nini cha kwake kisiguswe. Orodha iliyoandikwa mapema inaondoa ugomvi huo.

Nilimwambia cha kwanza kupunguzwa kiwe ile 40,000 yangu. Ilikuwa hesabu safi: fungu moja, linatosha kubeba makato mawili ya kwanza, na mimi ni kijana, nitajipanga. Mjomba akachukua kalamu akaandika namba moja: king'amuzi, 20,000. Mtu huyu hajawahi kukosa mechi ya Yanga tangu nimfahamu. Namba mbili akaandika safari za Dar. Namba tatu ukarabati. Mimi akanitia mwisho kabisa.

Nikamwuliza kwa nini, na kwa nini ajinyime mpira. Akajibu bila kuinua kichwa, "Wewe unamaliza mwakani, jina lako litajifuta lenyewe. King'amuzi hakihitimu."

Nikabaki sina la kusema, kwa sababu kihesabu alikuwa sahihi. Matumizi yenye tarehe ya mwisho hayautishii mfuko wa miaka 30 kama matumizi yasiyo na mwisho. Ukikata 20,000 ya kudumu unaokoa zaidi kuliko ukikata 40,000 iliyobakiza mwaka mmoja. Nikaandika hiyo kama kanuni ya mwisho kwenye karatasi yetu: anza na kinachodumu na kinachoahirishika, maliza na kinachokaribia kwisha.

Karatasi hiyo ina kurasa mbili na imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake. Ukurasa wa kwanza una ile kanuni ya kugawa, ukuta wa juu na wa chini, na nafasi za kujaza salio la kila Januari hadi afikishe miaka 90. Tumekubaliana pia kwamba akifika 75 uzio wa juu utalegezwa, kama Guyton na Klinger wanavyoshauri kwa miaka 15 ya mwisho, kwa sababu mfuko unaobakiza safari fupi hauhitaji kulindwa kama unaoanza. Ukurasa wa pili ni orodha ya kupunguza. Januari hii alinipigia simu kunisomea namba yake ya kwanza, asilimia 4.1, akaniuliza kama ni salama. Nikamwambia, shikamoo mjomba, bado tuko kaskazi.